Kutoka Dirishani hadi Kwenye Miamala Iliyokwama

Siku ya karani wa benki aliye dirishani imejengwa kwa kazi ndogo zinazojirudia: kupokea fedha na kuzihesabu, kulinganisha saini, kuingiza muamala kwenye kompyuta, kumpa mteja risiti, na jioni kufunga hesabu ya droo. Kazi hizo zimekuwa zikimtoka moja baada ya nyingine. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kanuni za uwakala wa benki zilitolewa Kenya mwaka 2010 na Tanzania mwaka 2013, na tangu hapo duka la mtaani linapokea amana ambayo zamani ilihitaji foleni ya tawini. Leo mfumo wa benki wenyewe hupitisha malipo, hutoza ada na kulinganisha hesabu za siku usiku watu wakiwa wamelala.

Anayebaki njia panda ni karani wa umri wa kati. Chukua mfano wa mwenye miaka 43, aliyekaa dirishani miaka 18. Akistaafu akiwa na miaka 60, bado ana miaka 17 ya kazi mbele yake. Mara nyingi hupelekwa kwenye kozi ya kompyuta ya siku tano, anapewa cheti, kisha anarudishwa palepale dirishani. Baada ya miezi mitatu karibu kila alichofundishwa kimefutika, kwa sababu hakuna alipokitumia. Mpango wa maana wa kumpa ujuzi mpya huanzia kwingine kabisa: kwenye kazi anazozifanya sasa, na kwenye swali la zipi kati ya hizo mashine haiziwezi.

Hatua ya kwanza, basi, ni daftari. Kwa wiki mbili karani huandika kila nusu saa alichokuwa akifanya, na pembeni huweka alama moja kati ya mbili: kazi iliyofuata utaratibu bila kufikiri, au kazi iliyomlazimu kuuliza, kukagua na kuamua. Tuseme kati ya saa 40 za wiki, saa 29 ni za kuhesabu, kuingiza na kuchapa. Hizo ndizo zinazoondoka. Saa 11 zilizobaki ndizo za kutazamwa kwa makini, maana humo kuna mteja aliyekatwa fedha mara mbili, wakala ambaye salio lake halilingani na kitabu chake, na mwajiri aliyelipa mishahara kwa orodha yenye namba moja ya akaunti iliyokosewa. Miaka 18 ya dirishani imemfundisha karani huyo kunusa kosa. Ujuzi huo haumo kwenye cheti chake chochote, na viongozi wengi wa benki hawaujui mpaka daftari liwaoneshe.

Zipo kazi kadhaa zinazoupokea ujuzi wa namna hiyo, kama vile kusimamia mawakala, kukagua maombi ya mikopo midogo, au kuchunguza miamala inayotia shaka ya utakatishaji fedha. Lakini iliyo karibu zaidi na dirisha ni kushughulikia miamala iliyokwama. Mfumo unapolinganisha rekodi za benki na za kampuni ya simu, mingi hulingana yenyewe. Michache isiyolingana hutupwa kwenye orodha ya kusubiri, na hapo ndipo mtu huhitajika.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana vizuri kwenye muamala mmoja. Mteja anahamisha shilingi 150,000 kutoka akaunti yake kwenda simuni, saa 5:58 usiku. Benki inakata fedha muda huohuo na kuandika tarehe ya siku hiyo. Kampuni ya simu inaupokea dakika tatu baadaye, saa 6:01, na kuuandika kwenye faili la siku inayofuata. Wakati wa kulinganisha, upande wa benki muamala upo, upande wa simu haupo. Karani mgeni anaona fedha zimekatwa bila kufika, anamhurumia mteja, anazirudisha kwenye akaunti. Kesho yake faili jipya linaonesha kuwa fedha zilifika simuni tangu usiku ule. Mteja sasa ana 300,000 badala ya 150,000, na huenda ameshazitumia. Benki italazimika kumwomba arudishe, na hapo hasara na ugomvi huanza kwa pamoja.

Muamala mwingine unaweza kufanana na huo kwa sura lakini chanzo chake kikawa tofauti. Pengine fedha zilifika, ila jibu la kuthibitisha lilipotea njiani kwa mtandao kukatika, na benki ikauhesabu kuwa umeshindikana. Pengine kweli hazikufika. Pengine mteja alibonyeza mara mbili na iliyofika ni moja tu. Kinachotofautisha hali hizi ni rekodi tatu zisomwe pamoja: kitabu cha benki, kumbukumbu za mtambo unaounganisha benki na kampuni ya simu, na faili la kampuni ya simu la siku hiyo pamoja na la siku inayofuata. Kanuni ya kwanza ya kazi ni kwamba hakuna fedha inayorudishwa kabla faili la siku ya pili halijafunguliwa.

Mafunzo ya miezi minane hujengwa juu ya kanuni kama hiyo. Miezi miwili ya mwanzo, karani hupewa saa sita kila wiki ndani ya muda wa kazi, na dirisha lake hushikwa na mwingine. Hili la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi, na ndilo huua mipango mingi. Mtu aliyehudumia foleni hadi jioni na kusubiriwa na watoto nyumbani hawezi kujifunza saa mbili usiku, na si haki kumwita mvivu. Katika saa hizo hufanyia kazi miamala ya zamani iliyokwisha kutatuliwa, majina na namba za wateja zikiwa zimefichwa, kwa kuwa Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na Kenya tangu 2019.

Chombo chake cha kwanza ni jedwali la kompyuta. Namba za kumbukumbu za benki hukaa kwenye ukurasa mmoja, za kampuni ya simu kwenye ukurasa uitwao `Simu`, na fomula moja hutafuta kila namba upande wa pili:

```
=MATCH(A2,Simu!A:A,0)
```

Ikirudisha namba ya mstari, muamala umepatikana, na kilichobaki ni kulinganisha kiasi. Ikirudisha `#N/A`, haupo. Upo mtego mmoja ambao lazima aujue mapema. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, na zinazozidi hapo huzigeuza sifuri. Namba za kumbukumbu ndefu kuliko hizo, zikifunguliwa kama namba za kawaida, huweza kufanana zote mwishoni, na miamala miwili tofauti ikaonekana mmoja. Dalili ni safu nzima ya namba zinazoishia kwa sifuri. Dawa ni kuiambia programu, wakati wa kufungua faili, kuwa safu hiyo ni maandishi.

Mwezi wa tatu hadi wa tano karani huketi kando ya mtaalamu wa kitengo. Hupokea miamala halisi, huandika chanzo cha tatizo na pendekezo lake, lakini hana ruhusa ya kugusa fedha. Mwingine ndiye huidhinisha. Mgawanyo huu wa mtayarishaji na mwidhinishaji ameuzoea tangu dirishani, ambako fedha zilizozidi kiwango chake zilihitaji saini ya msimamizi. Mwezi wa sita hadi wa nane huanza kuamua mwenyewe chini ya kiwango kidogo kilichowekwa.

Maendeleo yake hayapimwi kwa idadi ya miamala anayoifunga kwa siku. Kipimo hicho ni cha dirishani, ambako kasi ndiyo ilikuwa sifa, na kikihamishiwa huku humfundisha kurudisha fedha ovyo ili orodha ipungue. Vinavyofaa ni vipimo viwili: mingapi kati ya aliyoifunga ilifunguliwa tena, na kiasi gani cha fedha kilirudishwa kimakosa. Karani aliyefunga miamala 30 ikafunguliwa tena 6 yuko nyuma ya aliyefunga 18 bila hata mmoja kurudi. Kwa wengi, mwezi wa nne ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu mtu aliyekuwa hodari wa foleni hujiona amekuwa mzito. Msimamizi asipomweleza mapema kwamba uzito huo unatarajiwa, huomba mwenyewe arudishwe dirishani.

Mshahara nao huandikwa kabla ya siku ya kwanza. Karani wa miaka 18 huenda yuko juu ya ngazi ya mshahara ya wageni wa kitengo kipya, na akihisi kuwa mafunzo ni njia ya kumshusha, hatatia bidii. Barua hueleza kuwa hatapungukiwa wakati wa mafunzo, na hutaja cheo atakachokishika akifaulu na kitakachotokea asipofaulu.

Kwa ukweli, nafasi hazitoshi kila mtu. Kitengo cha miamala iliyokwama ni kidogo, na makarani kumi wa dirishani hawawezi wote kuingia humo. Ndiyo maana madaftari hukusanywa kwa wote kabla ya kuchagua: aliyejaza matukio ya mawakala hupelekwa kusimamia mawakala, na mwenye kumbukumbu nyingi za wafanyabiashara wadogo huelekezwa kwenye mikopo. Wengine watakosa nafasi. Kwao, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aeleze sababu, na ashauriane nao au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza hatua hiyo. Mafunzo ya kazi nyingine ni jambo ambalo chama kinaweza kulileta mezani hapo, na kinachofika na madaftari mkononi huwa na hoja nzito. Kiinua mgongo cha sheria hiyo, siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka kumi, kinamaanisha kwamba miaka minane kati ya 18 ya karani wetu haihesabiwi kabisa.

Na hata aliyefaulu hajafika mwisho, kwa kuwa mashine huendelea kujifunza kazi ya kulinganisha. Muamala wa saa 5:58 usiku, ukishajulikana, unaweza kuwekewa kanuni: mfumo usubiri faili la siku ya pili kabla ya kuutupa kwenye orodha. Kwa hiyo hatua ya mwisho ya mafunzo ni kuandika. Kila mwezi karani huchagua tatizo lililojirudia zaidi, hulieleza kwenye ukurasa mmoja kwa mifano mitatu ya miamala halisi, na kuupeleka kwa mafundi wa mfumo. Tatizo hilo likishafungwa, orodha yake hupungua, na muda unaobaki huuweka kwenye miamala ambayo bado hakuna aliyeielewa.