Blanketi safi linalonuka: kosa liko kwenye suuza

Umelifua blanketi Jumamosi, umelianika juani hadi likakauka, na Jumatatu usiku ukijifunika unasikia harufu ya uvundo. Ukilishika ni kama lina unyevunyevu. Wengi hulaumu sabuni wakaongeza nyingine, na hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi. Mara nyingi lililobaki ndani ya blanketi ni sabuni yenyewe pamoja na chumvi ya kisima. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani haikosi unyevu.

Tuchukue blanketi la mtu mmoja, la kilo 2 hivi, na ndoo ya lita 20. Blanketi la watu wawili lisilazimishwe ndani ya ndoo. Litafute beseni kubwa, maana nguo isiyoweza kugeuka majini haisafiki katikati.

Kwanza likung'ute nje vumbi litoke. Kisha liloweke kwenye lita 12 za maji matupu, bila sabuni, kwa dakika 20. Hapa maji ya kisima yanafaa kabisa, kwani kazi yake ni kutoa vumbi na jasho. Utashangaa rangi yake. Yamwage, ukamue, ndipo uweke maji ya sabuni na uloweke tena nusu saa, au saa moja likiwa chafu mno. Kulilaza majini usiku kucha hakuna faida. Kwa joto letu maji huanza kuvunda, na uchafu uliokwisha kutoka hurudi kwenye nyuzi.

Maji ya sabuni yawe ya bomba au ya mtungi ulionunua. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya kisima haitoi povu, hufanya utando mweupe unaonata kwenye manyoya ya blanketi, na utando huo hautoki kwa kusuuza. Kama huna budi kutumia ya kisima, tumia sabuni ya unga, na uikoroge mpaka iyeyuke kabla ya kutia blanketi.

Kusugua si blanketi zima. Pindo la juu linalogusa uso na miguuni ndiko kwenye kazi. Hapo tumia burashi laini, ukifuata upande manyoya yanakolala. Sehemu nyingine zinatosha kukandamizwa kwa mikono, au kwa miguu iliyooshwa, unaligeuza kila baada ya dakika chache. Mama zetu walikanyaga, na walikuwa sawa.

Sasa kukamua, ambako watu hupapuruza kwa sababu mikono imechoka. Tuseme blanketi likikamuliwa vyema linabaki na lita 4 za maji ya sabuni. Ukiongeza lita 12 safi, sabuni inabaki robo. Ukikamua na kurudia mara tatu, inabaki sehemu moja kati ya 64. Ukikamua ovyo likabaki na lita 6, kila suuza inaacha theluthi, na baada ya mara tatu inabaki sehemu moja kati ya 27. Maji ni yale yale, bei ya mtungi ni ile ile, lakini sabuni iliyobaki ni zaidi ya mara mbili.

Usilisokote peke yako kama kamba. Nyuzi hukatika na mgongo unaumia. Likunje, likandamize kwenye ukingo wa ndoo kutoka ncha moja hadi nyingine. Mkiwa wawili, kila mmoja ashike ncha yake na msokote polepole. Au litundike ukutani dakika 10 lijichuje lenyewe kabla ya suuza inayofuata.

Suuza ya kwanza inaweza kuwa ya kisima ikiwa umetumia sabuni ya unga. Mbili za mwisho ziwe za maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hesabu hiyo blanketi zima limekula lita 24 za kisima na 36 za mtungi, hazifiki hata mitungi miwili.

Utajuaje yametakata? Usiangalie ndoo, rangi yake inadanganya. Kamua pembe ya blanketi juu ya bilauri ya kioo. Maji yakiwa na ukungu, au yakiteleza vidoleni, au ukiyatikisa yakatoa povu, bado. Yakiwa na rangi nyekundu au buluu lakini unaona vidole vyako upande wa pili bila ukungu, hiyo ni rangi ya blanketi inachuja tu. Ukingoja iishe utamaliza maji ya mtaa mzima.

Lianike asubuhi mapema juu ya kamba mbili zilizoachana, upepo upite katikati, na uligeuze adhuhuri. Kabla ya kulikunja, shika pindo lililoshonwa. Hapo ndipo maji hukawia kutoka, na pakiwa baridi mkononi, liache hadi kesho.