Nzuri, Kupendeza na Kuvutia katika Kadi ya Arusi

Kijana mmoja alitujia na kadi aliyokusudia kumpelekea sahibu yake anayeoa. Alikuwa ameandika: "Twakuombeeni maisha nzuri, arusi yenu ni nzuri, na bibi arusi ni wa kuvutia." Akatuuliza kama maneno yamekaa sawa. Tulimwambia kuwa nia ni safi, lakini kadi hiyo ikisomwa mbele ya wazee italeta fadhaa.

"Zuri" ni sifa ikaayo katika kitu chenyewe, ionekane isionekane. Twasema uso mzuri, na pia twasema tabia nzuri na habari nzuri, ambazo hapana jicho lizionalo. Kwa hiyo kuwaombea watu ndoa nzuri ni kuwaombea jambo la umri mzima, si la siku moja. (Wazee wangaliandika "ndoa njema", nasi twaliona hilo ni bora zaidi.) Lakini neno hili hufuata jina lake. Ndoa, siku na zawadi huwa nzuri; maisha huwa mazuri, chakula kizuri, na maarusi wazuri. Hapo ndipo kijana wetu alipoteleza kwanza, kwa mazoea ya kulisikia "nzuri" hata likadhaniwa halibadiliki.

Kupendeza kwatokana na kupenda: kitu kimemfanya mtu akipende. Hapa hapana budi awepo atazamaye, na sifa hii ina saa yake. Bibi arusi aliyekwisha kupambwa huambiwa, "Leo umependeza," na linalosifiwa hapo ni mavazi, hina na mpango mzima, zaidi ya sura aliyozaliwa nayo. Asiye na sura nzuri aweza kupendeza, na mzuri aweza kuvaa ovyo asipendeze.

Kuvutia kwatokana na kuvuta. Duka huvutia wanunuzi, hotuba huvutia wasikilizaji, na mandhari ya pwani ni ya kuvutia, wala hapana aibu. Lakini mwanamume amwandikiapo rafiki yake kuwa mkewe ni wa kuvutia, swali huzuka lenyewe: amemvuta nani? Mwandishi hakukusudia hayo, ila neno limekwisha kuyasema. Hata "bibi arusi mzuri", lililo jepesi zaidi, ni sifa ya sura. Shangazi yake aweza kuliandika bila taabu, lakini kwa mwanamume asiye jamaa tungaliliepuka.

Kijana akachukua kalamu, akaandika: "Twakuombeeni ndoa njema na maisha mazuri. Arusi yenu imependeza." Tukamwuliza arusi ni lini. Akasema ni Ijumaa ijayo. Basi ameionaje hata ikampendeza? Akacheka, akafuta neno la mwisho, akaandika: "Arusi yenu na ipendeze."