Simu Iliyozama Kwenye Ndoo

Mshonaji mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, alifika kwa fundi simu saa tatu asubuhi akiwa na simu iliyofukiwa kwenye mfuko wa mchele. Usiku ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Laini alishaihamishia kwenye kitochi, lakini vipimo vya wateja na picha za mishono vilibaki humo, na nguo za harusi zilikuwa zinasubiriwa.

"Mama, uliichomeka kwenye chaji?" fundi akauliza.

"Ndiyo mwanangu, kidogo tu, nione kama itawaka."

Hapo ndipo simu nyingi hufia. Maji ya bomba yana chumvichumvi, na umeme ukipita ndani yake hula madini ya bodi kwa kasi. Mchele hauzuii hilo. Hata maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya bodi na kuendelea kuitafuna.

Fundi aliifungua simu, akachomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha akaitoa bodi. Pembeni mwa tundu la chaji palikuwa na ukungu wa kijani: shaba imeanza kuliwa. Aliisugua kwa mswaki laini na spiriti kali isiyo na maji mengi, akaikausha kwa hewa ya uvuguvugu.

Alipoiunganisha na mashine ya kutolea umeme, volti 4 hivi, mshale ulipanda kabla hata hajabonyeza kitufe cha kuwashia. Simu nzima iliyozimwa haitakiwi kula umeme hivyo. Kuna shoti. Akapaka spiriti juu ya bodi, akaruhusu umeme kidogo na kuinama kutazama. Sehemu moja ilikauka haraka kuliko nyingine zote, juu ya kapasita ndogo kama punje ya mchanga. Ndiyo iliyokuwa ikichemka.

Aliing'oa kwa hewa ya moto, akapima tena. Mshale ukatulia sifuri. Kwenye njia ile ya umeme zipo kapasita nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo simu huweza kuwaka bila hiyo moja. Jioni iliwaka, na vipimo vyote vilikuwepo.

Fundi hakumwahidi miaka. Alimwambia ahamishe kila kitu siku hiyohiyo, kwa sababu bodi iliyowahi kulowa huweza kuanza kuliwa tena mahali ambapo mswaki haukufika. Ingekuwa maji ya bahari, yenye chumvi nyingi zaidi, huenda usiku ule mmoja ungetosha kuimaliza.

Simu yako ikilowa, izime, usiijaribu kwenye chaji, na umpelekee fundi siku hiyohiyo. Akikuuliza kama uliichomeka, mwambie ukweli. Jibu hilo humwonyesha pa kuanzia.