Kitufe cha T kwenye Bodi ya Umeme

Watu wengi huamini kwamba breka zilizopangwa kwenye bodi ya umeme zipo ili kuwaokoa wasiuawe na umeme. Kazi yake hasa ni kulinda waya. Breka ya ampea 20 inayolisha soketi za jikoni huruhusu ampea 20 zipite mchana kutwa bila kuanguka, na hukata pale tu mkondo unapozidi kiasi ambacho waya unaweza kubeba bila kuungua. Sasa utazame mwili wa mtu. Aliyelowa mikono na kusimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji huwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi kutoka mkononi hadi mguuni. Akigusa waya wa moto wenye volti 230, zitampitia miliampea 230, yaani ampea 0.23. Kwa breka ile, huo ni mzigo mdogo kuliko wa taa moja ya zamani ya wati 60. Kwa mwili ni mkondo wa kuua: miliampea 10 hivi hukaza misuli ya mkono hadi mtu ashindwe kuachia alichoshika, na zikizidi 30 kwa sekunde moja au zaidi, moyo huwa katika hatari ya kupoteza mapigo yake. Mtu anaweza kufa akiwa ameng'ang'ania friji na breka zote za nyumba zikabaki juu, kwa sababu hakuna hata moja iliyoona tatizo.

Atakayesema kwamba nyumba yake ina erthi ana hoja inayostahili kujibiwa kwa hesabu. Nyumba zetu nyingi hupokea waya mbili tu kutoka kwenye nguzo, wa moto na wa nyutro, na erthi inatokana na nondo ya shaba iliyopigwa ardhini kando ya ukuta. Nondo hiyo ina ukinzani wake, unaotegemea udongo na majira. Tuseme ni omu 60, kiasi cha kawaida kabisa kwenye udongo mkavu. Waya wa ndani ya friji ukichubuka na kugusa bati la nje, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa omu 60, yaani chini kidogo ya ampea 4. Breka ya ampea 20 haiwezi kuanguka kwa ampea 4. Bati la friji litabaki na volti zinazokaribia 230, saa baada ya saa, likimsubiri wa kwanza kulishika. Dalili pekee inaweza kutokea kwenye mita: mvujo huo unakula karibu wati 880, hivyo kwa siku nzima unameza uniti 21 za Luku bila kazi yoyote kufanyika. Familia italalamika kwamba umeme unaisha haraka, na huenda ikailaumu mita.

Kifaa kinachoziba pengo hili ni kile ambacho mafundi hukiita RCD, na usoni mwake huwa kimeandikwa RCD au RCCB. Kazi yake ni kulinganisha. Waya wa moto na wa nyutro hupita pamoja ndani ya pete ya chuma. Nyumba ikiwa salama, mkondo unaoingia kwa waya mmoja hurudi wote kwa mwingine, na nguvu zao za sumaku hufutana. Mkondo ukipata njia nyingine ya kurudi, kwa mfano kupitia mwili wa mtu hadi sakafuni, kinachorudi kinapungua, tofauti hiyo inaamsha koili ndogo iliyozungushiwa pete, na koili inaachia kitasa cha springi kinachotenganisha waya zote mbili. Kifaa cha miliampea 30 kinatakiwa kukata tofauti ikiwa mahali fulani kati ya miliampea 15 na 30, na viwango vya kimataifa vinakidai kikate ndani ya sekunde 0.3 kwa miliampea 30, na ndani ya sekunde 0.04 tofauti ikifika 150. Hakipunguzi mkondo unaompita mtu. Yule wa jikoni bado atapigwa na miliampea zake 230, ila zitamshika kwa muda mfupi mno kuufikia moyo kwa madhara. Na kwa friji yenye erthi ya omu 60, kifaa kitakuwa kimeshakata pale bati lilipopata moto, kabla mtu yeyote hajaligusa.

Kukifunga ni kazi ya fundi mwenye leseni, ile ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, lakini mwenye nyumba anapaswa kujua mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni namba. Kwenye kifaa kuna namba kubwa, kwa mfano ampea 40 au 63, inayosema mzigo ambao kifaa kinaweza kubeba, na nyingine ndogo iliyoandikwa 0.03A au 30mA, inayosema kinaamka kwa mvujo gani. Hii ndogo ndiyo ya uhai wa mtu. Madukani vipo pia vya miliampea 100 na 300, na baadhi ya mafundi huvipenda kwa kuwa havianguki ovyo. Hivyo vimekusudiwa hasa kuzuia moto unaotokana na mvujo. Kwa mtu aliyeshika bati, mkondo wa kuua unaweza kupita na kifaa kimetulia. La pili ni nyutro. Kila nyutro ya mzunguko unaolindwa lazima irudi kwenye kifaa kilekile ambacho waya wake wa moto umetokea. Nyutro moja ikiunganishwa kwenye baa nyingine, au ikiguswa na erthi mahali fulani ndani ya ukuta, kifaa kitaanguka kila mara bila chombo chochote kuwa kibovu. Hapo ndipo uharibifu mkubwa hufanyika: fundi aliyechoka kuitwa hurusha waya wa moto pembeni ya kifaa, anakiacha mahali pake kikiwa kimesimama, na anaondoka. Bodi inaonekana kamili, na nyumba haina kinga.

Kwa hiyo kuwa na kifaa na kuwa na kinga ni mambo mawili, na hapo ndipo kitufe chenye herufi T kinapopata maana. Ukikibonyeza, kipande kidogo cha ukinzani kilicho ndani huunganisha waya wa moto wa upande mmoja wa pete na nyutro ya upande wa pili. Mkondo unaopita humo unaikwepa pete, tofauti ya kweli inazaliwa, na kifaa kinatakiwa kuanguka kama ambavyo kingeanguka kwa mtu. Sababu ya kurudia jaribio hili ni ya kimakanika. Kitasa kinachoshikiliwa na sumaku dhaifu, kikikaa miaka mitatu bila kusogea, kinaweza kunata kwa vumbi, unyevu, kutu au grisi iliyoganda. Breka ikinata, angalau waya ukiungua utasikia harufu. RCD ikinata hakuna dalili yoyote, taa zinawaka kama jana. Kila jaribio pia ni zoezi linalolegeza sehemu hizo. Kanuni za Uingereza za ufungaji wa umeme, BS 7671, zilikuwa zikielekeza kubonyeza kila miezi mitatu, na toleo la 2018 likasogeza hadi miezi sita. Watengenezaji kadhaa huandika kila mwezi. Kwa nyumba za pwani, ambako hewa ya chumvi hula hata bawaba za mlango, na kwa zile ambazo bodi imefungwa barazani, nashikilia kila mwezi, tarehe 1, ili isihitaji kukumbukwa.

Jaribio lina namna yake ya kusomwa, na wengi huishia nusu. Kwanza hakikisha umeme upo: Luku ikiwa imeisha au umeme umekatika mtaani, kitufe hakitafanya lolote, na hilo halina maana kwamba kifaa ni kibovu. Zima kompyuta, acha taa moja ikiwaka na redio moja ikiimba kwenye soketi ya jikoni. Bonyeza T mara moja na uachie. Usikishikilie, maana ukinzani wa ndani haukutengenezwa kubeba mkondo kwa muda mrefu. Kitasa kinapaswa kuanguka papo hapo. Kisha fanya lile linalosahaulika: zunguka nyumba uone kama taa na soketi zinazopaswa kulindwa zimekufa kweli. Kitasa kikianguka na redio ikaendelea kuimba, ama mzunguko huo haujawahi kupitishwa kwenye kifaa, ama kuna waya uliorushwa pembeni. Ikiwa kitasa hakikuanguka na umeme upo, kifaa kibadilishwe. Hakuna matengenezo ya kukifanyia nyumbani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la friza. Kifaa kimoja kikilinda nyumba nzima, birika la chai lenye koili iliyochakaa linaweza kuzima nyumba saa nane usiku, na asubuhi samaki wa biashara wameharibika. Hasara hiyo ni ya kweli, na mama lishe hawezi kuambiwa avumilie tu. Jibu lake ni kugawa: taa kwenye kifaa kimoja, soketi na hita ya maji kwenye kingine, na friza ipewe breka yake yenye kinga ya mvujo ndani yake, ili kosa la birika lisiifikie. Gharama inaongezeka, lakini inabaki ndogo ukiilinganisha na ya kusuka waya wa nyumba. Na kifaa kinachoanguka mara kwa mara kinatoa taarifa inayoweza kufuatiliwa. Chomoa vyombo vyote kwenye soketi na ukirudishe. Kikisimama, rudisha chombo kimoja kimoja. Kile kinachokiangusha ndicho kinachovujisha. Kikikataa kusimama hata vyombo vyote vikiwa vimechomolewa, tatizo limo kwenye waya za ukutani, na hapo aitwe fundi mwenye kipimo cha ubora wa mpira wa waya.

Kitufe kina mipaka yake pia. Kwa kuwa mkondo wake wa majaribio unazunguka ndani ya kifaa, kitaitikia hata kama waya wa nondo ya erthi umekatika au umeibwa kwa ajili ya shaba yake. Vilevile hakisemi kifaa kimekata kwa sekunde ngapi. Kinaweza kuanguka na bado kikawa kizito kuliko sekunde 0.3. Mambo hayo mawili hupimwa na fundi kwa mashine, na matokeo yake ni namba mbili ambazo mwenye nyumba anaweza kuomba ziandikwe ndani ya mlango wa bodi pamoja na tarehe: omu za erthi, na milisekunde za kukata. RCD haimwokoi pia anayeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine akiwa amesimama juu ya kigoda cha plastiki, kwa sababu mkondo wote unaompita unarudi kwenye pete kama kawaida na kifaa kinamwona kama pasi au birika. Ndiyo maana hata penye kifaa kizima, anayefungua soketi huzima swichi kuu kwanza.