Faranga Tatu Kando ya Mto Ruzizi

Mipaka inapokuwa wazi, anayetoka Bujumbura kwenda Bukavu kwa gari hupanda bonde la Ruzizi, akavuka Ruhwa kuingia Rwanda, akafika Kamembe, kisha akavuka daraja na kuingia Kongo. Ndani ya siku moja atakuwa amelipa nauli na chai katika nchi tatu, na kote ametajiwa bei kwa faranga. Ila hizo ni faranga tatu ambazo hazijuani.

Chukua ujumbe wa simu unaosema tu: “Nitumie 200,000 F za mzigo.” Kwa viwango vya katikati ya 2024, hizo zikiwa za Rwanda ni kama dola 150. Zikiwa za Kongo ni kama dola 70. Za Burundi nazo zingekaribia hizo 70 kwa kiwango cha benki kuu, lakini kwa wabadilishaji wa mtaani dola ilikuwa ghali zaidi, kwa hiyo ungepata dola chache mno. Herufi moja, F, imebeba hasara yote hiyo.

Zamani hakukuwa na utata. Hadi 1960 nchi zote tatu zilitumia faranga ya Kongo ya Wabelgiji. Kongo ilipojitegemea, Rwanda na Burundi zilibaki na faranga yao ya pamoja mpaka 1964, kisha kila moja ikachapa yake. Kongo iliiacha faranga mwaka 1967, ikatumia zaire, kisha ikarudi kwenye faranga mwaka 1998, faranga moja ikimeza zaire mpya laki moja. Jina lilikuwa la kale, pesa ilikuwa mpya.

Wenyeji huandika FBu, FRw na FC. Benki hutumia herufi tatu: mbili za nchi, moja ya sarafu, yaani BIF, RWF na CDF. Shilingi zetu hufuata njia hiyo hiyo, TZS na KES. Uganda peke yake ina UGX, kwa sababu UGS ilikuwa ya shilingi ya zamani, iliyobadilishwa mwaka 1987 kwa mia moja kwa moja. Mtu akikutajia dinari, uliza kwanza ni KWD au IQD: ya Kuwaiti moja huzidi dola tatu, ilhali dola moja hununua za Iraki zaidi ya elfu.

Faranga za CFA ndizo hupindua kanuni. XOF ni ya Afrika Magharibi, XAF ni ya Afrika ya Kati. X huashiria kwamba pesa si ya nchi moja. Thamani yake ni ileile kabisa, 655.957 kwa yuro moja. Hata hivyo, muuza duka wa Dakar ukimpa noti iliyotoka Yaunde atakurudishia mkononi.