Kwa Nini Maji Huchuruzika Ghorofa ya Juu

Tangi limekaa juu ya paa, karibu kabisa na bafu la ghorofa ya juu. Hata hivyo, anayeoga hapo hupata maji ya kuchuruzika, huku jirani wa chini akioga kwa kishindo.

Maji ya tangi husukumwa na uzito wake yenyewe. Kinachohesabiwa ni kimo kutoka uso wa maji tangini hadi bomba linapofunguliwa: kila mita 10 hutoa presha ya takriban baa 1. Chukua jengo lenye ngazi nne za makazi, kila moja mita 3. Tangi likiwekwa moja kwa moja juu ya zege la paa, maji yake huwa mita 1 hadi 2.5 tu juu ya bomba la mvua la ngazi ya mwisho. Hiyo ni baa 0.1 hadi 0.25. Bafu la chini kabisa lina mita 9 zaidi, hivyo hupata baa 1 au kuzidi. Tangi kubwa zaidi halileti tofauti kama kimo cha maji ni kilekile. Ukiliinua mita 2 juu ya mnara, unaongeza baa 0.2. Lakini lita 5,000 ni tani 5, kwa hiyo mhandisi aangalie kwanza kama paa litahimili.

Kimo kikiwa kidogo, bomba jembamba humaliza hata presha iliyopo. Bomba la nusu inchi lina nafasi ya ndani ya takriban robo tu ya lile la inchi moja, na maji yanayopita humo hukwaruzana sana na kuta zake. Ili kujua tatizo liko wapi, fungua bomba moja pekee. Maji yakiwa mazuri, kisha yakafifia mara tu la pili linapofunguliwa, shaka iangukie bomba kuu au koki isiyofunguka vizuri. Yakiwa dhaifu tangu mwanzo, anza na kimo, kisha kagua vichujio na matundu ya bomba la mvua.

Wengi hukimbilia pampu, nayo ina hesabu yake. Vidhibiti vingi vya pampu za nyumbani huiwasha presha inaposhuka hadi baa 1.5. Pampu ikiwa chini na bafu likiwa mita 18 juu yake, maji yaliyosimama ndani ya bomba tayari yanakibana kidhibiti kwa baa 1.8. Unafungua bomba, pampu haiwaki, na fundi anadhani imekufa. Hapo kiwango cha kuwasha kipandishwe hadi kama baa 2.3. Kama kidhibiti hakirekebishiki, kihamishwe ghorofa za juu au kibadilishwe. Kiwango cha kuzima nacho kisizidi uwezo wa pampu, la sivyo itazunguka bila kupumzika hadi iungue.

Kabla ya kununua pampu, pima kimo na fanya jaribio la mabomba mawili. Pampu mpya kwenye bomba jembamba ni pesa iliyopotea.