Mchoro wa Vitone Unaothibitisha

Kugawanya namba kamili ni kuiandika kama jumla ya namba kamili chanya bila kujali mpangilio: 4+1+1 na 1+4+1 ni mgawanyo mmoja wa 6. Mwingereza Norman Ferrers aliuchora kwa vitone, fungu kubwa juu, mistari yote ikianzia kushoto:

● ● ● ●
●
●

Ukisomwa kwa safu wima, mchoro huohuo unatoa 3+1+1+1, yaani mgeuzo wake. Vitone vimebaki sita, lakini idadi ya mafungu, 3, sasa ndiyo fungu kubwa kuliko yote.

Migawanyo ya 6 yenye mafungu matatu ni 4+1+1, 3+2+1 na 2+2+2. Mageuzo yake ni 3+1+1+1, 3+2+1 (uliojigeukia wenyewe) na 3+3: ndiyo yote ambayo fungu lake kubwa ni 3. Kuorodhesha hivi hakuthibitishi lolote kuhusu namba nyingine. Kinachothibitisha ni kwamba mchoro wowote ukigeuzwa mara mbili hurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo migawanyo miwili tofauti haiwezi kuwa na mgeuzo mmoja, wala hakuna mgawanyo unaokosa mwenzake, na makundi hayo mawili hulingana kwa idadi.